Arifa ya joto la injini imeingia na lori liko njiani: kusimamisha, kusogeza au kurudisha

Arifa ya hitilafu inapoingia kwa meneja usafirishaji, swali la kwanza ofisini huwa ni moja: turudishe gari? Swali hilo limekaa vibaya, kwa sababu kurudi nako ni safari. Injini isiyofaa kwenda kilomita 200 mbele haifai pia kwenda kilomita 200 nyuma. Maamuzi ya kweli yako manne: gari lisimame pale pale, lisogee hadi mahali salama pa karibu, liendelee na safari huku likiangaliwa, au ligeuze. Hilo la kugeuza ndilo linalofaa mara chache kuliko yote, na ndilo watu wanalolikimbilia kwanza.

Mwongozo huu ni wa lori zito la volti 24, tela na mzigo, kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma. Sehemu kubwa inahusu joto la injini, kwa kuwa ndiyo arifa inayokuja mara nyingi kwenye milima ya njia hiyo na ndiyo inayosomwa vibaya zaidi. Presha ya oili na volti zimewekwa pale zinapogusana nayo.

Soma arifa yote kabla ya kushika simu

Mifumo ya ufuatiliaji hutofautiana kwa sura, lakini kama kifaa kimeunganishwa na mtandao wa J1939 wa lori, ndani ya arifa utakuta mambo haya:

```
T-07  EVENT 11:42:10Z  RECV 11:55:40Z
DM1   SPN 110  FMI 0  OC 3
LAMP  RED ON  AMBER ON
ECT 108 C   RPM 1450   SPD 24 km/h
```

Anza na saa. Herufi Z inaonyesha saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Kwa hiyo 11:42 ni 14:42 ya hapa, yaani saa nane na dakika 42 mchana. Mstari huo una saa mbili: ya tukio na ya kupokelewa. Kifaa kikikosa mtandao wa simu huhifadhi ujumbe na kuutuma baadaye, hivyo arifa iliyotua mezani sasa hivi inaweza kuwa habari ya dakika kadhaa zilizopita, au hata saa nzima. Hapa tofauti ni dakika 13 na nusu. Kwa mwendo wa kilomita 24 kwa saa, gari limeshasogea kilomita 5 na ushei kutoka alama unayoiona kwenye ramani. Meneja asiyetazama jambo hili humpigia dereva kumuuliza kuhusu mlima ambao ameshaumaliza.

SPN inataja kitu chenyewe: 110 ni joto la maji ya injini, 111 ni kiwango cha maji hayo, 100 ni presha ya oili, 168 ni volti ya betri. FMI inasema kitu hicho kimepatwa na nini, na uamuzi wako unategemea hiyo kuliko SPN. FMI 0 maana yake kipimo kinaaminika na kimevuka kikomo cha juu kabisa. FMI 1 ni hivyo hivyo kwa kikomo cha chini. Namba 15 na 16 ni kuvuka kwa juu lakini kwa kiwango chepesi au cha kati, na 17 na 18 ni kuvuka kwa chini kwa viwango hivyo hivyo. FMI 3, 4 na 5 ni habari nyingine kabisa: zinaeleza waya au soketi ya sensa, kwamba umeme wake umezidi, umepungua au umekatika. FMI 2 ni kipimo kinachorukaruka.

Kwa hiyo SPN 110 FMI 0 inasema injini ina joto. SPN 110 FMI 3 inasema kompyuta ya injini haijui tena injini ina joto kiasi gani. Mfumo ukiwa umetafsiri zote mbili kuwa "Tatizo la joto la injini", fungua ukurasa wa ndani utafute namba zenyewe, maana tafsiri hiyo imekuficha jambo ulilolihitaji.

Mwisho tazama OC, hesabu ya mara ngapi hitilafu hiyo imejitokeza. OC 1 ni mgeni. OC 3 inasema limeshatokea mara mbili, na unapaswa kujua lini.

Namba imeruka ghafla

Grafu ilikuwa nyuzi 91, sekunde inayofuata inaonyesha 215, kisha 91 tena. Maji hayawezi kupanda nyuzi mia na zaidi kwa sekunde moja, kwa hiyo hapa hakuna joto la kweli. Chanzo ni namna namba inavyosafirishwa: joto la maji hubebwa na baiti moja inayohesabu 0 hadi 255, kisha hupunguzwa 40 ili kupata nyuzi. Baiti 255 ni alama ya "sina kipimo" na 254 ni alama ya "kipimo kina kosa". Mfumo usiozijua alama hizo huzipunguza 40 tu na kukuonyesha 215 au 214. Ukiona mojawapo ya namba hizo mbili, usisimamishe gari kwa ajili yake. Ukiona nyuzi 40 chini ya sifuri, hiyo ni baiti 0, na mara nyingi waya wa sensa umekatika au data haikujazwa. Presha ya oili ina alama za jinsi hiyo pia: kilopaskali 1,020 na 1,016 si presha.

Namba hizo zikija pamoja na FMI 3, 4 au 5, tatizo liko kwenye sensa, soketi au waya uliosuguliwa. Gari linaweza kuendelea, ila kwa masharti. Injini iliyopoteza sensa hiyo hutumia joto la kukisia, mara nyingi huwasha feni muda wote, na zingine hupunguza nguvu. Kubwa zaidi, ulinzi umeondoka: maji yakiisha kweli, hakuna taa wala arifa itakayokuja. Dereva aangalie kiwango cha maji kila kituo, na sensa itengenezwe kabla ya mlima mrefu unaofuata.

Sensa tatu au nne zikilalamika kwa wakati mmoja, acha kuzifikiria moja moja. Tafuta kinachoziunganisha: klemu ya betri iliyolegea, waya wa bodi wenye kutu, fyuzi, au volti iliyoshuka.

Namba inapanda polepole

Hapa joto ni la kweli, na umbo la grafu linakuambia chanzo kabla hata dereva hajasimama. Injini nyingi za malori hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95, na taa nyekundu huwaka juu ya 105 hivi. Kikomo halisi kiko kwenye kitabu cha injini yako, kiandike ukutani.

Joto likipanda mlimani na kushuka lenyewe gari linapofika tambarare, mfumo wa kupoza unafanya kazi lakini umezidiwa. Tafuta vumbi, nyasi na wadudu waliojaa usoni mwa rejeta na kwenye kipoza hewa kilicho mbele yake, klachi ya feni inayoteleza, au dereva anayepanda kwa gia kubwa na mizunguko michache, hali inayofanya pampu na feni vizunguke taratibu wakati injini inavuta kwa nguvu zote. Gari la namna hii humaliza safari: lipumzike, likwee kwa gia ndogo, na rejeta isafishwe usiku huo. Usafishaji ufanywe kwa maji yasiyo na shinikizo kali, kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu utoke ulikoingilia.

Joto likipanda gari likiwa limesimama kwenye foleni ya mizani na kushuka likitembea, ni feni. Upepo wa mwendo unafanya kazi ambayo feni imeacha kuifanya.

Joto likipanda hata kwenye tambarare, kwa mwendo wa kawaida na bila kilima chochote, maji hayazunguki au hayatoshi. Thamostati imeganda, mkanda wa pampu unateleza, au maji yanavuja. Gari hilo lisipelekwe mlimani, hata kama hivi sasa liko nyuzi 98 na taa ni ya njano.

Kuna umbo moja ambalo limeua injini nyingi kwa sababu linafanana na nafuu. Joto linapanda hadi 108, kisha linashuka ghafla hadi 88 huku gari bado linakwea na injini bado inavuta. Ofisini watu wanashusha pumzi. Lakini sensa ya joto hupima maji iliyozamishwa ndani yake. Maji yakishuka chini ya ncha yake inabaki kwenye mvuke na hewa, na namba inayotoka haihusiani tena na chuma cha injini. Joto la kweli halishuki ghafla namna hiyo wakati kazi haijapungua. Ukiona kushuka huko, tazama mara moja kama SPN 111 imeingia, na uchukulie kwamba maji yameondoka hadi ithibitike vingine.

Maswali ya kumuuliza dereva

Usimuulize kwanza geji ya dashibodi inasomaje. Geji hiyo na arifa yako vinatoka kwenye sensa ile ile, kwa hiyo kukubaliana kwao si ushahidi wa pili. Unahitaji jambo ambalo sensa hiyo haikulisema.

Kama yuko mlimani asishike simu. Piga kwa utingo, na kama hayupo, tuma ujumbe mfupi wa "simama panapofaa, kisha piga". Akishasimama, jambo la kwanza ni hita ya kibini: aifungue hadi mwisho. Hewa ya moto inaonyesha maji yapo na yanazunguka. Geji iko juu na hita inapuliza hewa ya baridi? Maji hayafiki huko, na injini izimwe. Kipimo hiki kinachukua nusu dakika na hakihitaji kifaa chochote.

Baada ya hapo aangalie tangi la maji kwa nje, bila kugusa kifuniko: maji yako juu ya alama ya chini au chini yake? Kuna mvuke, harufu tamu ya kulanti, matone chini ya injini? Mkanda upo na umekaza? Feni inazunguka kwa kelele yake ya kawaida?

Kama maji yapo, hita ina moto na hakuna mvuke, injini isizimwe papo hapo. Gia iwe frii, handbreki imefungwa, injini ingurume kwa mizunguko 1,000 hadi 1,200 kwa dakika tatu hadi tano ili maji yaendelee kubeba joto kutoka kwenye silinda hedi na taabo. Ukizima injini ya moto ghafla, maji yanasimama, chuma kinayachemsha, na namba inapanda badala ya kushuka. Kama maji yameisha, mvuke unatoka au taa ya oili imewaka, kinyume chake: zima sasa.

Kifuniko kifunguliwe baada ya nusu saa kwa uchache, na pale tu mpira wa juu wa rejeta unapoweza kushikwa kwa mkono mtupu na kuminywa ukalainika. Mpira mgumu una shinikizo ndani, na maji yatakayoruka yamezidi nyuzi 100. Maji ya kuongeza yatiwe kidogo kidogo. Maji baridi kwenye chuma kikavu kilichochemka hupasua silinda hedi, na hapo hasara ya mpira mmoja inageuka kuwa hasara ya injini.

Mwambie dereva ahesabu lita. Huu ndio ushahidi bora zaidi utakaopata kwa simu. Mfumo wa lori kubwa hubeba lita 30 hadi 50 hivi. Lita moja au mbili ni upungufu wa siku nyingi. Lita nane au kumi ni uvujaji wa leo, na gari halisogei hadi mahali panapovuja paonekane. Kama maji yamepungua na hakuna panapovuja, aangalie kijiti cha oili: oili yenye rangi ya maziwa, au mapovu yasiyokoma kwenye tangi injini ikiwashwa, ni dalili ya gasketi ya silinda hedi. Hapo ita gari la kuvuta.

Presha ya oili haina majadiliano

SPN 100 FMI 1 ikiambatana na taa nyekundu maana yake dereva azime injini pale atakapoweza kuliweka gari nje ya njia, kwa hesabu ya sekunde. Usimwambie afike kituo cha mafuta kinachofuata. Beringi za krenki hukaa juu ya utando wa oili, na utando ukiondoka chuma kinasugua chuma. Baada ya dakika 10 hadi 15, gari likiwa mahali pa usawa, kijiti cha oili kisomwe. Kikiwa chini ya alama na uvujaji unaonekana, chanzo kimejulikana lakini injini haijathibitika kuwa nzima. Kikiwa sawa sawa ndiyo hatari zaidi, maana pampu, chujio au vali ya presha vinashukiwa. Asiwashe "mara moja tu tuone". Kiwango kikiwa kimezidi alama ya juu, kuna dizeli au maji yaliyoingia ndani ya oili.

Hali iliyo nyepesi ni FMI 18 inayokuja injini ikiwa ya moto na imesimama tu, kisha inaondoka mizunguko ikipanda. Oili nyembamba au iliyopitwa na muda ndiyo sababu ya kawaida. Linganisha na rekodi ya lori hilo hilo: kama presha ya injini moto iliyosimama imekuwa ikishuka wiki hadi wiki, hiyo ni injini inayochakaa, na tarehe ya kuifungua unaweza kuipanga.

Volti imeshuka, kisha joto likafuata

Lori la volti 24 lenye injini inayofanya kazi husoma kati ya 27.5 na 28.5. Likishuka hadi 25 na injini inaendelea kuzunguka, oltaneta haichaji na gari linakula betri. Mchana, kwa taa zilizozimwa, kwa kawaida linaweza kufika kwa fundi umeme wa mji wa karibu ilimradi lisizimwe njiani. Usiku uamuzi ni mwingine, maana taa ndizo zinazomaliza betri na bila taa halina haki ya kuwa barabarani.

Angalia mfuatano. Kwenye injini nyingi mkanda unaozungusha oltaneta ndio unaozungusha pampu ya maji. Arifa ya SPN 168 ikifuatiwa dakika chache baadaye na SPN 110, usizifungulie kazi mbili kwa mafundi wawili. Mkanda umekatika au umelegea, na gari lisimame kabla joto halijafika kwenye nyekundu.

Tukio moja kutoka mwanzo hadi uamuzi

Turudi kwenye arifa ya juu. T-07 ni lori lenye tela na kontena la mzigo kamili, limetoka Dar es Salaam kwenda Tunduma. Meneja anapokea arifa saa nane na dakika 55 mchana. Alama ya ramani iko kwenye mteremko wa Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, gari likipanda.

Anafungua grafu. Ruaha Mbuyuni, kwenye tambarare: nyuzi 92. Mwanzo wa mlima: 97. Kisha 102, 106, na 108 ndani ya dakika tisa. Kupanda ni kwa ngazi, hakuna kuruka, na FMI ni 0. Joto ni la kweli. Sasa analinganisha na lori hilo hilo kwenye mlima huo huo: mwezi uliopita, kwa uzito wa karibu sawa, lilifika 99 tu. Kwa hiyo si Kitonga iliyobadilika.

OC 3 inamrudisha nyuma zaidi. Mara mbili za mwanzo zilitokea safari iliyopita, zote hapo hapo, kila moja chini ya dakika moja. Hakuna aliyeziona, kwa kuwa mfumo uliwekwa usitume arifa inayodumu chini ya sekunde 60. Kichujio hicho kinafaa kwa taa ya njano, kwa vile hupunguza kelele ambazo hufanya watu waache kusoma arifa. Kwa taa nyekundu hakifai, hata kwa sekunde moja.

Wakati bado anasoma, data mpya inaingia: nyuzi 88, mwendo kilomita 22 kwa saa, injini inavuta kwa asilimia 90. Dakika mbili kabla yake kumeingia SPN 111 FMI 1. Hapa ndipo uamuzi unapofanyika. Namba 88 peke yake ingemfanya arudi kwenye kazi zake. Ikiwa na SPN 111 kando yake, na injini bado imebanwa na mlima, maana yake ni sensa iliyo nje ya maji. Anampigia utingo.

"Mwambie dereva aingie pembeni sehemu ya kwanza iliyo pana, sio kwenye kona. Akisimama tu azime. Weka kabari kwenye tairi za tela na pembetatu mbali, nyuma na mbele."

Baada ya dakika nne dereva mwenyewe anapiga. "Bosi, hita ilikuwa inatoa baridi. Nimeshazima. Maji yametapakaa upande wa kulia, yanatoka mpira wa chini wa rejeta, pale kwenye klipu."

"Usifungue kifuniko. Subiri nusu saa, uminye mpira wa juu kwanza. Ukianza kutia maji nihesabie lita."

Ofisini mtu anasema lirudishwe Morogoro, ambako kampuni ina fundi wake. Hoja ya kukataa si umbali peke yake. Kurudi ni kuteremka Kitonga na mzigo wote, na dereva anayeteremka hutegemea breki ya injini ili asichome breki za tairi. Kama lori lina ritada ya oili, joto la kusimamisha tani zote hizo humwagwa kwenye maji yale yale yanayovuja. Injini ikijizima njiani kujilinda, breki ya injini inaondoka, usukani unakuwa mzito na kompresa inaacha kujaza upepo. Gari bovu linalopanda likifa husimama. Linaloteremka lina mwendo ambao mtu lazima auzuie. Kwa hiyo Morogoro inafutwa, na kilichobaki ni ama kusogea juu hadi Ilula kisha Iringa, ama kuita gari la kuvuta kutoka Iringa.

Lita ndizo zinazoamua. Zinaingia tisa, taratibu. Klipu ilikuwa imelegea na mpira umechanika kidogo ukingoni; dereva anakata ule ukingo, anausukuma mpira ndani na kukaza klipu mbili. Kijiti cha oili ni safi, hakuna rangi ya maziwa. Injini inawashwa na kuachwa ingurume dakika 15, hita imefunguliwa: inatoa moto, hakuna mapovu, kiwango kimebaki kwenye alama. Grafu inapanda kwa mstari mzuri kutoka 70 hadi 86 na kukaa hapo. Sensa imerudi ndani ya maji, kwa hiyo sasa namba yake inaaminika tena.

Meneja anaruhusu gari lisogee, kwa masharti matatu anayoyaandika kwenye ujumbe ili yasibaki maneno ya simu. Gia ndogo, mizunguko isipungue 1,400. Kusimama nyuzi zikifika 102 au hita ikipoa, bila kusubiri taa. Kusimama juu ya mlima, na tena Ilula, kuangalia kiwango cha maji. Wakati huo huo anabadilisha kikomo cha arifa cha T-07 kuwa nyuzi 100 kwa siku hiyo, na anamtaarifu mwenye mzigo kwamba gari litachelewa usiku mmoja.

Taa nyekundu imezimika na hitilafu imehama kutoka DM1, orodha ya zilizo hai, kwenda DM2, orodha ya zilizopita. Mfumo unaonyesha rangi ya kijani. Hiyo inasema tu kwamba kipimo kimerudi ndani ya mipaka, wala haisemi kitu kuhusu mpira uliokatwa kwa kisu kando ya barabara. Kazi inabaki wazi kwenye daftari: Iringa mpira wa chini ubadilishwe na mpya, kifuniko cha tangi kipimwe shinikizo, kulanti ijazwe kwa mchanganyiko sahihi badala ya maji matupu yaliyotiwa mlimani, na silinda hedi ichunguzwe, kwa kuwa injini ilivuta bila maji ya kutosha kwa dakika kadhaa. Fundi apime kama kuna gesi ya injini ndani ya tangi la maji. Ikiwepo, kontena lihamishiwe kwenye hosi nyingine pale pale Iringa, na T-07 livutwe.

Ilula maji yako kwenye alama ile ile. Joto la juu kabisa tangu kuwashwa tena ni 97. Kwenye mizani gari linasimama foleni dakika 20 na namba haipandi, kwa hiyo feni haina kosa.